Picha Iliyotumwa Kama Dokumenti

Katika makundi ya WhatsApp ya wapiga picha, wachapaji wa kadi za harusi na madalali wa nyumba kuna ombi lisilokwisha: "Nitumie kama dokumenti, isipoteze ubora." Ombi lenyewe lina msingi. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida, WhatsApp huipunguza na kuiandika upya ili iwe nyepesi, na hapo maandishi madogo ya kwenye kadi au ufa wa ukutani hufifia. Ikitumwa kwa kubonyeza "Document", hufika jinsi ilivyotoka kwenye kamera, haikupunguzwa kitu. Na kati ya hivyo visivyopunguzwa, mara nyingi mna latitudo na longitudo ya pale mpigaji aliposimama. Mtu anayeuza friji lililoko sebuleni kwake, akiombwa picha "yenye ubora" na mnunuzi asiyemfahamu, huenda akawa amempa ramani ya kufika mlangoni kabla hata hawajapatana bei.

Naanzia hapo kwa sababu maonyo mengi tunayopeana kuhusu mahali hulenga posti na stori, wakati njia inayovujisha zaidi iko pembeni yake. Kuielewa kunataka kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya: mahali anapopatangaza mtu mwenyewe, na mahali palipobebwa na faili bila kuulizwa.

Tuanze na la kutangaza. Unapoweka mahali kwenye posti au stori ya Instagram, programu huangalia simu ilipo, ikiwa umeiruhusu, kisha hukuletea orodha ya majina ya karibu: hoteli, soko, ufukwe, mtaa. Unachagua jina moja. Kinachoambatana na posti ni jina hilo, lenye ukurasa wake ambako posti za wengine waliolichagua hukusanyika. Hakuna anayehakiki. Aliyeko Mbagala akitafuta na kubandika stika ya Dubai, stori itasema Dubai. Kwa hiyo mahali pa posti ni kauli ya mtu, na huaminika kadiri mtu huyo anavyoaminika.

Hatari ya kauli hiyo iko kwenye saa na mazoea. Stika ya hoteli iliyobandikwa ukiwa bado chumbani si sawa na ile iliyobandikwa ukiwa umesharudi nyumbani. Na stika ya ukumbi uleule wa mazoezi kila Jumanne jioni humpa mgeni ratiba yako, hata kama hakuna picha yoyote kati ya hizo inayotisha ikitazamwa peke yake. Stori hufutika baada ya saa 24, lakini anayefuatilia hahitaji kuikuta tena. Anahitaji kuiona mara moja tu na kuandika siku.

Sasa la faili. Mwaka 1995 chama cha sekta ya elektroniki cha Japan kilitoa kiwango kinachoitwa Exif, ili kamera za kidijitali ziweze kuandika ndani ya picha yenyewe aina ya kamera, saa iliyopigwa, na jinsi lenzi ilivyopokea mwanga. Maelezo haya hukaa mwanzoni mwa faili la JPEG, kabla ya data za picha, na hayaonekani kwa kuitazama picha. Simu zilipokuja kuwekewa GPS, kiwango kilikuwa tayari kina nafasi ya kuandikia kodineti. Ukiiruhusu kamera kutumia mahali, na wengi huiruhusu siku ya kwanza wanapofungua simu mpya, kila picha huandikwa `GPSLatitude` na `GPSLongitude`, na pengine `GPSAltitude` ambayo ni kimo kutoka usawa wa bahari. Baadhi ya simu, aifoni zikiwemo, huandika pia `GPSImgDirection`, yaani upande ambao kamera ilikuwa inaelekea kwa kipimo cha dira. Hapo msomaji wa faili hujua uliposimama na pia ulikokuwa unatazama.

Kisa kinachoonyesha haya yote kwa ukamilifu ni cha John McAfee, Mmarekani aliyeanzisha kampuni ya programu za kupambana na virusi inayobeba jina lake. Novemba 2012 jirani yake aliuawa kwenye kisiwa walichokuwa wakiishi nchini Belize. Polisi walitaka kumhoji McAfee; hawakuwa wamemshtaki, na hawakuja kumshtaki kwa mauaji hayo, lakini yeye alijificha, akawa anaandika na kupiga simu kwa waandishi kutoka mafichoni. Waandishi wa jarida la Vice walifanikiwa kusafiri naye. Jumatatu tarehe 3 Desemba 2012 walichapisha kwenye tovuti yao picha ya McAfee akiwa na mhariri wao, yenye kichwa cha habari cha kujigamba kwamba wako naye. Habari haikutaja mahali.

Picha ilitaja. Ilikuwa imepigwa kwa aifoni 4S, na tovuti ililiweka faili hewani likiwa na Exif yake nzima. Mtaalamu mmoja wa usalama wa kompyuta alilipakua, akalifungua, akasoma: nyuzi 15, dakika 39, sekunde 29.4 Kaskazini, nyuzi 88, dakika 59, sekunde 31.8 Magharibi. Hiyo si Belize. Ni Guatemala, nchi jirani, katika eneo la mto Río Dulce, karibu na bwawa la kuogelea la mgahawa mmoja.

Hesabu ya kuzigeuza namba hizo ni nyepesi, na inafaa kuijua kwa sababu ramani za kwenye simu hupenda desimali. Dakika hugawanywa kwa 60 na sekunde kwa 3,600, kisha vyote hujumlishwa na nyuzi. Latitudo inakuwa 15 + 0.65 + 0.00817, yaani 15.65817. Longitudo inakuwa 88 + 0.98333 + 0.00883, yaani 88.99217. Lakini kabla ya kuziingiza kwenye ramani lazima usome herufi zilizoandikwa kando, `GPSLatitudeRef` na `GPSLongitudeRef`, kwa kuwa Exif haiandiki alama ya kutoa ndani ya namba. Magharibi maana yake longitudo iwe -88.99217. Ukiisahau alama hiyo, McAfee anatua majini katika Ghuba ya Bengali.

Kosa hili linatuhusu moja kwa moja sisi tunaokaa kusini mwa Ikweta. Picha iliyopigwa Dar es Salaam ina latitudo ya karibu 6.8 Kusini na longitudo ya karibu 39.3 Mashariki. Programu ikiidondosha "S", picha inahamia milima ya kusini mwa Ethiopia. Ikiibakiza "S" na kuidhania "E" kuwa "W", inakwenda jimbo la Ceará, Brazil. Nimeona watu wakitazama ramani kama hiyo na kusema taarifa za simu ni za uongo, kwa hiyo hakuna cha kuogopa. Namba zilikuwa sahihi. Aliyezisoma ndiye aliyepotea, na msomaji mwenye subira angezirudisha mahali pake kwa kugeuza alama moja.

Je, zina ukaribu gani? Sekunde moja ya latitudo ni kama mita 31 ardhini. Sehemu moja ya kumi ya sekunde, kama ile .4 ya McAfee, ni mita tatu hivi. Simu yenyewe, ikiwa nje chini ya anga wazi, hujua ilipo kwa kukosea mita tano au karibu na hapo, kwa hiyo namba huandikwa kwa undani zaidi kuliko kipimo chenyewe. Ndani ya nyumba ya bati au kati ya maghorofa, setilaiti hazionekani vizuri na simu huegemea minara na Wai-Fai, na kosa linaweza kukua sana. Aifoni huandika makadirio ya kosa hilo kwa mita chini ya jina `GPSHPositioningError`. Thamani ya 5 huonyesha nyumba. Ya 65 huonyesha kundi la nyumba. Ya 1,400 huonyesha kata tu.

Kuna kosa lingine la hila zaidi, na huwapotosha hata wanaochunguza kwa nia njema. Ili kuokoa chaji na muda, kamera inaweza kutumia mahali ambapo simu ilipajua mara ya mwisho badala ya kusubiri kipimo kipya. Mtu ametoka Ubungo na simu mfukoni, ameshuka Kariakoo, ametoa simu na kupiga haraka. Picha ya kwanza inaweza kubeba Ubungo, ya tatu ikabeba Kariakoo. Hili hugundulika kwa kulinganisha saa mbili. `DateTimeOriginal` huandikwa kwa saa ya simu, na `GPSTimeStamp` huandikwa kwa saa ya dunia, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Tuseme ya kwanza inasoma 10:20, ambayo sisi tunaiita saa nne na dakika ishirini asubuhi. Ya pili ingetarajiwa kuwa 07:20. Ukikuta imeandikwa 06:38, kipimo cha mahali kimeitangulia picha kwa dakika 42, na huna haki ya kusema picha ilipigwa pale. Anayesahau tofauti ya saa tatu hudhani picha zote za Afrika Mashariki zimechezewa.

Sasa turudi kwenye mitandao, maana swali la haki ni hili: kama kila picha inabeba haya, mbona posti zetu za Instagram hazitoi anwani zetu? Jibu ni kwamba Instagram, Facebook na X huitengeneza picha upya inapopakiwa, na nakala wanayoipata watazamaji huwa imevuliwa kodineti. WhatsApp hufanya hivyo kwa picha ya kawaida na kwa stetasi. Hivyo mtu akipakua picha kutoka kwenye posti yako na kuifungua akitafuta mahali, kwa kawaida hatakuta kitu.

Lakini kilichovuliwa kwa watazamaji hakikuvuliwa lazima kwa kampuni. Sera ya faragha ya Meta yenyewe hutaja kwamba inakusanya taarifa zinazoambatana na picha, ikiwemo mahali ilipopigwa, ikiwa umeiruhusu. Kwa hiyo kuvuliwa huko kunakulinda dhidi ya mgeni anayepita, na hilo si dogo. Hakukulindi dhidi ya mwenye mtandao, wala dhidi ya yeyote anayeweza kumlazimisha mwenye mtandao atoe alichonacho.

Na imewahi kutokea kwamba kampuni ikavujisha mahali kwa mlango ambao mtumiaji hakujua upo. Kabla ya Aprili 2015, mtu aliyeambatanisha twiti yake na jina la mji alidhani ametangaza mji tu, na kwenye skrini ndivyo ilivyoonekana. Nyuma ya skrini, katika data ambazo Twitter iliwapa watengenezaji wa programu, twiti ileile ilikuwa na kodineti kamili za GPS. Utaratibu ulibadilishwa mwaka huo, ila twiti za zamani hazikusafishwa. Watafiti walionyesha katika utafiti uliotolewa 2019 kwamba kutokana na mabaki hayo waliweza kutambua nyumba na mahali pa kazi pa watumiaji, na hata kukisia mambo nyeti kama hospitali walizotembelea. Juni 2019 Twitter ilitangaza kuondoa uwezo wa kuambatanisha mahali kamili kwenye twiti. Kisa hiki ndicho kinachonifanya nisikubali kauli kwamba "niliweka jina la mji tu". Jina la mji ni kile ulichokiona wewe. Kilichohifadhiwa kinaweza kuwa kingine.

Agosti 2025 Instagram ilileta ramani yake, ikianzia Marekani, na mkanganyiko wa aina hiyohiyo ukazuka. Ramani ile ina matabaka mawili. La kwanza ni mahali ulipofungulia programu mara ya mwisho, na hilo halionyeshwi mpaka ulikubali mwenyewe na kuchagua nani aone. La pili ni posti na stori ulizoziwekea jina la mahali, ambazo hutokea kwenye ramani kwa muda bila kujali kama la kwanza umelizima. Watu walijikuta ramanini wakaamini simu yao inafuatiliwa, kumbe ni stika waliyoibandika wenyewe asubuhi. Mshtuko wao ulikuwa na haki. Stika kwenye stori na stika juu ya ramani hubeba jina lilelile, lakini ramani hukusanya watu na saa mahali pamoja, na hilo hawakuwa wameliomba.

Njia zisizovua kitu ni zile zinazobeba faili kama faili: dokumenti ya WhatsApp, Telegram ukichagua kutuma kama faili, kiambatisho cha barua pepe, folda ya Google Drive uliyoitoa kwa linki, na tovuti unayoiendesha mwenyewe au ofisi yako inayoiendesha. Picha ya McAfee ilipita njia ya mwisho. Ingekuwa imepakiwa leo kwenye posti ya Instagram, watazamaji wasingekuta kodineti. Ndiyo maana nasema hatari kwa mtu wa kawaida imehama kutoka kwenye posti kwenda kwenye mawasiliano ya pembeni: picha ya kiwanja, picha ya friji, picha za mtoto zinazotumwa kwa mwenye studio ili azichape kubwa.

Kisa cha McAfee kina sehemu ya pili inayofunza zaidi kuliko ya kwanza. Kodineti zilipofichuka, McAfee alitangaza kwamba alizichezea kwa makusudi ili kuwapoteza wanaomsaka, na mpiga picha aliyefuatana naye akasema hivyohivyo. Dai halikuwa la ajabu. Mahali ndani ya Exif ni maandishi tu, hayana muhuri, na programu ya bure inaweza kuyaandika upya kwa amri moja ili picha ya Mwanza ionekane imepigwa Mombasa. Kwa saa kadhaa hakuna aliyeweza kukata shauri kwa kulitazama faili peke yake. Siku iliyofuata McAfee mwenyewe alikiri yuko Guatemala, tarehe 5 akakamatwa kwa kuingia nchini bila kibali, na tarehe 12 akarudishwa Marekani.

Kwa hiyo anayetaka kuitumia Exif kama ushahidi, awe mwandishi, wakili au mzazi mwenye wasiwasi, ana mipaka miwili ya kuiheshimu. Kuwapo kwa kodineti hakuthibitishi mahali mpaka picha yenyewe ikubaliane nazo: kivuli kielekee kunakostahili kwa saa iliyoandikwa, kibao cha duka kiwe cha mtaa ule, na `GPSImgDirection` ikielekea baharini basi bahari ionekane. Na kutokuwapo kwake hakuthibitishi chochote kabisa. Picha iliyopita WhatsApp ya kawaida haina kodineti kwa sababu imepita WhatsApp. Kumshuku aliyeituma kwamba "amefuta ushahidi" ni dhuluma, na nimewahi kuisikia ikitolewa katika ugomvi wa kifamilia kwa uzito wote.

Kwa anayetaka kujikinga, mahali pazuri pa kufunga ni kwenye kamera, kabla taarifa haijaandikwa. Kwenye aifoni ni Settings, kisha Privacy & Security, kisha Location Services, kisha Camera, na hapo uchague Never. Kwenye Android ufunguo huwa ndani ya mipangilio ya kamera yenyewe, na jina hubadilika kwa kila kampuni. Samsung huiita Location tags. Hasara yake ni kwamba picha zako za safari hazitajipanga kwenye ramani, na kwa wengine hiyo ni hasara kweli. Wanaotaka kubaki na mahali kwao wenyewe wanaweza kupaondoa wakati wa kutuma: aifoni, katika ukurasa wa kushiriki, ina neno Options juu, na ndani yake swichi ya Location. Njia ya haraka kuliko zote ni kupiga picha ya skrini na kuituma hiyo. Ubora hupungua, ila kodineti za picha ya asili hazihami nayo.

Kwa dawati la habari au ofisi ya haki za ardhi inayopokea picha kutoka kwa watu wanaohatarisha usalama wao, hiari ya mtumaji haitoshi. Huko faili huja kama dokumenti, kwa kuwa mhariri ndiye aliyeomba ubora, na jukumu la kusafisha ni la aliyepokea. Programu inayotegemewa kwa kazi hii ni ExifTool, ni ya bure, na huendeshwa kwenye kompyuta. Amri ya kwanza husoma, ya pili hufuta mahali pekee na kuacha mengine:

```
exiftool -gps:all picha.jpg
exiftool -gps:all= picha.jpg
```

Tofauti ni alama ya sawasawa. Baada ya amri ya pili, rudia ya kwanza. Isipoleta mstari wowote, Exif ya nakala ile haina tena kodineti. Kisha tazama folda. ExifTool haiharibu faili la asili: hulihifadhi kando kwa jina `picha.jpg_original`, likiwa na kodineti zake zote. Anayefunga folda nzima kwa zipu na kuituma atakuwa amesafisha picha na kutuma chafu pamoja nayo. Kuna chaguo la `-overwrite_original` linalozuia nakala hiyo isibaki, lakini kwa picha inayoweza kuhitajika mahakamani ushauri wangu ni kulihamishia faili la asili kwenye diski iliyofungwa kwa nywila, kabla ya mtu mwingine ofisini kuifungua folda.